Macho yakiwa hafifu: Jinsi ya kujaza fomu ya malipo ya stima kwa maandishi makubwa au kwa sauti

Bibi mmoja wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale, alitupa simu yake mkononi na kutuambia neno ambalo sisi tunaofanya kazi ya malipo hatupendi kulisikia: "PIN mjukuu wangu aijua, kijana wa duka aijua, na nyinyi wanangu sasa nawatajia." Tulimwomba asitaje. Alicheka, akasema, "Sasa nitafanyaje, na mato yangu ndiyo haya?"

Zamani alikuwa akishona kofia kwa mkono, kazi ya uzi mwembamba na vitundu vidogo vidogo. Sasa ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anasubiri kufanyiwa upasuaji. Rangi anaziona, sura ya mtu anaitambua akikaribia, lakini maandishi ya simu kwake ni kama yameandikwa nyuma ya pazia. Kwa karibu mwaka mzima, stima ya nyumba yake imekuwa ikinunuliwa na mkono wa mtu mwingine, kwa simu yake na kwa PIN yake.

Siku moja kijana aliyemsaidia alitafuta namba ya mita kwenye meseji za zamani, akachukua ile ya nyumba ambayo bibi alihama. Shilingi 500 zikaenda, na tokeni ikaja, ila ilikuwa ya mita nyingine. Bibi alilala gizani bila feni na hakujua kwa nini mita inakataa zile namba, mpaka binti yake alipokuja kesho yake na kumsomea meseji. Hakuna aliyemwibia. Lakini kila hatua ya ile fomu ilipita mbele ya macho yake bila yeye kuweza kuikagua.

Tulikaa naye mchana mmoja tukanunua stima hatua kwa hatua, yeye akishika simu na sisi tukiwa tumekunja mikono. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na yale yaliyotukwamisha. Ukiwa na mzazi, shangazi au jirani mwenye tatizo kama hili, msomee. Ukiwa ni wewe mwenyewe, soma pole pole.

Kwanza, toka kwenye mwanga mkali

Tulianza barazani, na hilo lilikuwa kosa letu. Jua la saa nane lilipiga kwenye skrini na bibi hakuona kitu. Mtu mwenye mtoto wa jicho husumbuliwa sana na mng'ao, kwa sababu ukungu ulio ndani ya jicho hutawanya mwanga. Skrini nyeupe yenye maandishi meusi humuumiza hata akiwa ndani ya nyumba.

Tulihamia sebuleni, tukafungua Settings, kisha Display, tukawasha Dark theme. Skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe. Kabla hatujagusa ukubwa wa herufi, bibi alikuwa tayari anaona majina ya watu waliompigia. Jaribu hili kabla ya mengine yote. Kwa watu wengine halisaidii, na wengine husoma vizuri zaidi kwenye skrini nyeupe. Utajua kwa kulinganisha mwenyewe ndani ya chumba kimoja na kwa mwanga ule ule.

Maandishi makubwa, na mtego wake

Kwenye simu nyingi za Android, ukubwa wa herufi uko Settings, kisha Accessibility, halafu Display size and text. Simu nyingine zimeuweka chini ya Display. Humo utakuta mistari miwili ya kuvuta. Font size hukuza herufi peke yake. Display size hukuza kila kitu: herufi, vitufe na picha. Karibu yake utaona pia Bold text, ambayo hunenepesha herufi. Kwa mtu ambaye maandishi humfifilia, herufi nene mara nyingi humsaidia kuliko herufi ndefu.

Kila anayemsaidia mzazi wake huvuta mistari yote miwili mpaka mwisho. Sisi pia tulifanya hivyo. Skrini ya kwanza ilipendeza, bibi akafurahi. Tulipofungua fomu ya malipo, shida ikaanza. Kibodi ilikula nusu ya skrini. Swali likajaza sehemu iliyobaki, na kisanduku cha kuandikia kikasukumwa chini ya kibodi. Bibi akawa anaandika namba asizoziona. Kwenye ukurasa wa kuthibitisha, kiasi cha pesa kilionekana lakini jina la anayelipwa lilikuwa limefichika chini mpaka uvute.

Kwa hiyo usipime ukubwa wa herufi kwenye skrini ya kwanza. Upimie ndani ya fomu, kibodi ikiwa imefunguka. Jiulize: naona swali, na naona ninachoandika, vyote viwili kwa wakati mmoja? Kama jibu ni hapana, rudisha Display size nyuma hatua moja, kisha jaribu tena. Rudia mpaka vyote vionekane. Ukubwa huo ndio kikomo chako kwa maandishi makubwa. Kama kwa ukubwa huo bado husomi, basi herufi kubwa zimefika mwisho na hazitakusaidia kwenye fomu.

Kuna pia Magnification, ambayo hukuza sehemu moja ya skrini kama kioo cha kukuzia. Iko kwenye Accessibility hapo hapo, na ukiiwasha unaihamisha huku na huku kwa vidole viwili. Ni nzuri sana kwa kusoma meseji. Kwa kujaza fomu ina tatizo lake: kwa kawaida haikuzi kibodi, na ukiwa umekuza kisanduku, swali lake hubaki nje ya kioo. Unaweza kuandika kiasi cha pesa mahali panapotakiwa namba ya mita usijue. Itumie kukagua ulichoandika zaidi ya kuandikia.

Bibi alifika kikomo. Kwa ukubwa ulioacha fomu ikiwa nzima, alisoma neno moja moja kwa shida, na tarakimu 3 na 8 kwake zilikuwa kitu kimoja. Hiyo ni dalili nzuri ya kujua muda wa kuhamia kwenye sauti: ukianza kubahatisha tarakimu, acha kutegemea macho kwa mambo ya pesa.

Sauti: jifunze kuzima kabla ya kuwasha

Simu za Android nyingi huja na kisoma skrini kiitwacho TalkBack. Kazi yake ni kukutajia kwa sauti kila unachokigusa. Kwa iPhone kinaitwa VoiceOver, nacho kiko Settings, kisha Accessibility. Hapa tutafuata TalkBack kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye simu ya bibi.

Ukiwasha TalkBack, simu hubadilika tabia. Kugusa mara moja hakufungui kitu tena, kunakitaja tu. Watu wengi huingiwa na hofu hapo, hudhani simu imeharibika, na wengine huipeleka kwa fundi. Kwa hiyo tulianza na kuzima. Nenda Settings, Accessibility, TalkBack, kisha uwashe TalkBack shortcut na kuchagua vitufe vya sauti. Baada ya hapo, kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde kama 3 huiwasha, na kufanya hivyo tena huizima. Mara ya kwanza simu inaweza kukuuliza kama kweli unataka njia hiyo ya mkato. Bibi alifanya hivyo mara tano mfululizo, kuwasha na kuzima, kabla hatujaenda mbele. Hofu ilimwisha hapo.

Ishara anazohitaji kwa fomu ni chache:

1. Telezesha kidole kimoja kwenda kulia: unapelekwa kwenye kitu kinachofuata, nacho kinatajwa.
2. Telezesha kwenda kushoto: unarudi kwenye kitu kilichotangulia.
3. Gusa mara mbili haraka, popote pale kwenye skrini: unachagua kile kilichotajwa mwisho.
4. Vuta kwa vidole viwili: ukurasa unapanda au kushuka.

Kuandika kuna utaratibu wake. Weka kidole kwenye kibodi na ukiburute bila kukiinua. Simu inataja kila kitufe unachopita juu yake. Ukisikia tarakimu unayoitaka, inua kidole, nayo inaingia. Kuna simu ambazo hungoja ugusie mara mbili badala ya kuinua. Andika tarakimu moja usikie, utajua yako ni ya aina gani.

Simu iongee lugha ya fomu

Sauti ya simu ya bibi ilikuwa ya Kiingereza, na menyu ya malipo ilikuwa ya Kiswahili. Matokeo yake yalituchekesha sote: "Tuma Pesa" ilitoka kama jina la mzungu. Baada ya kicheko ikabaki shida, kwa sababu hakuna aliyeelewa swali linalofuata.

Sauti ya Kiswahili ipo kwenye programu iitwayo Speech Services by Google, ambayo simu nyingi tayari zinayo. Ingia Settings, kisha Accessibility, halafu Text-to-speech output. Chagua lugha ya Kiswahili. Kama sauti haipo, fungua mipangilio ya programu hiyo na uguse Install voice data. Utahitaji intaneti kwa kupakua tu, ukishapakua sauti inakaa ndani ya simu. Papo hapo kuna Speech rate, ambayo ni kasi ya kuongea. Bibi alisikiliza kidogo akalalamika, "Huyu asema mbio kama afukuzwa." Tuliipunguza mpaka akasema inatosha.

Kama umezoea menyu ya Kiingereza, acha sauti ya Kiingereza. La muhimu ni sauti na menyu ziwe lugha moja.

Tunajaza fomu yenyewe

Tulitumia menyu ya M-PESA iliyo ndani ya laini, kwa sababu ndiyo anayoijua. Fomu nyingi za kulipia bili, ikiwemo yetu, huuliza maswali hayo hayo: unamlipa nani, kwa akaunti gani, kiasi gani, na PIN.

Kuna sababu ya kuchagua menyu ya ndani ya laini badala ya kupiga *334#. Ukipiga namba ya nyota, mazungumzo yanakwenda moja kwa moja kati ya simu na mtandao, swali kwa swali. Ukikaa kimya kidogo yanakatwa, na mtu anayesikiliza kila kitufe kabla ya kuandika atakatwa mara nyingi. Menyu ya laini hukusanya majibu yako kwanza, kisha huyatuma mwishoni, kwa hiyo inamvumilia zaidi mtu wa pole pole. Programu ya malipo nayo ni chaguo zuri, ila kumbuka kwamba hujifunga yenyewe ukiiacha bila kuigusa kwa muda.

Kabla ya kuanza tuliandaa jambo moja, nalo ndilo lililomponza bibi ule usiku wa giza: namba ya mita. Tuliisoma kwenye mita yenyewe ukutani, tarakimu 11, tukaihifadhi kama jina kwenye orodha ya simu zake: "Mita ya nyumbani". Meseji za tokeni za nyumba ya zamani tulizifuta zote. Namba ikikaa mahali pamoja penye jina, hakuna haja ya kuitafuta kwenye meseji.

Kisha tukaingia Lipa na M-PESA, halafu Pay Bill.

Swali la kwanza ni namba ya biashara. Kwa stima ya tokeni ya Kenya Power ni 888880. Kuwa makini hapa, kwa sababu 888888 ni ya wale wanaolipa bili ya mwisho wa mwezi, na kwa sikio zote mbili zinafanana mpaka tarakimu ya mwisho.

Swali la pili ni namba ya akaunti, yaani namba ya mita. Bibi aliandika tarakimu zote 11 kwa kuburuta kidole, moja baada ya nyingine. Alipomaliza akarudi kusikiliza, na simu ikamsomea namba moja ndefu ya mabilioni. Hakuna binadamu anayeweza kuikagua namba ya mita namna hiyo.

Hapa ndipo pana ujuzi mmoja unaostahili kujifunza hata kama utasahau mengine. TalkBack inaweza kusoma neno zima, au herufi moja moja. Telezesha vidole 3 kwenda juu au chini mpaka usikie "Characters", au jina lake kwa lugha uliyochagua. Kama simu yako haikubali vidole 3, telezesha kidole kimoja juu kisha chini bila kukiinua. Ukishafika hapo, telezesha kidole kimoja kwenda chini: tarakimu moja inatajwa. Tena chini: inayofuata. Ukienda juu unarudi nyuma. Bibi alizisikiliza zote 11, akihesabu kwa vidole vya mkono mwingine kama anayehesabu tasbihi. Alikuta amerudia tarakimu moja, zikawa 12. Akaifuta, akaanza kukagua upya.

Swali la tatu ni kiasi. Hili nalo likaguliwe tarakimu moja moja, kwa sababu 500 na 5000 zinatofautiana kwa mguso mmoja wa ziada.

PIN bila mtu mwingine kusikia

Swali la nne lilimtia bibi wasiwasi, na alikuwa na haki. Kama simu inataja kila kitufe, jirani aliye dirishani si atasikia? Nyumba za Mji wa Kale zinatazamana, kichochoro ni cha kupita watu wawili.

Kwenye mipangilio ya TalkBack kuna Speak passwords. Ikizimwa, tarakimu za PIN hutajwa tu ukiwa umevaa spika za masikioni. Zizime, kisha uhakikishe mwenyewe badala ya kutuamini sisi: fika mpaka kwenye swali la PIN, gusa tarakimu yoyote isiyo ya PIN yako, sikiliza, halafu ghairi. Fanya hivyo mara moja bila spika na mara moja ukiwa nazo. Bibi alitumia zile za waya, akaweka sikio moja tu ili asikie pia kama kuna mtu anapiga hodi.

Sauti ikishafichwa, bado kuna macho. Skrini yenye herufi kubwa inasomeka hata kwa aliye upande wa pili wa chumba. Mtu anayetumia sauti hahitaji mwanga wa skrini, kwa hiyo punguza mwangaza mpaka chini, au ulaze simu karibu na kifua. Wenye iPhone wanayo pazia ya skrini: VoiceOver ikiwa imewashwa, gusa mara tatu kwa vidole vitatu, skrini inazima kabisa huku simu ikiendelea kuongea.

Kuna mtego mwingine kwenye PIN, na huu unamhusu kila anayelipa dukani. Muuzaji akikutumia ombi la malipo, dirisha linajitokeza ghafla likiwa na sentensi inayosema unamlipa nani na kiasi gani, na chini yake kisanduku cha PIN. Kisoma skrini mara nyingine huruka moja kwa moja mpaka kwenye kisanduku, na wewe unasikia tu kwamba unatakiwa kuandika. Usiandike. Telezesha kidole kushoto urudi juu, usikie jina na kiasi kwanza. Dirisha likifungwa kwa kuchelewa, hakuna ulichopoteza, mwambie muuzaji akutumie tena.

Kusoma jibu, na kuingiza tokeni

Kabla pesa haijatoka, menyu hukuonyesha muhtasari wa malipo. Bibi alisikiliza kiasi na namba ya akaunti mpaka mwisho ndipo akakubali. Zikaja meseji mbili: ya M-PESA kuthibitisha malipo, na ya Kenya Power yenye tokeni.

Tokeni ni tarakimu 20, na kwenye meseji zimegawanywa kwa vistari, nne nne, mafungu matano. Usijaribu kuzikariri zote. Sikiliza fungu moja kwa njia ile ile ya herufi moja moja, simama, liingize kwenye mita, kisha rudi kwa fungu la pili. Ukipotea, kistari ndicho kituo chako: simu hukitaja, na unajua fungu limeisha.

Mita haiongei. Hapa TalkBack imefika mwisho wake, na vidole vinachukua kazi. Papasa kitufe cha 5 kwenye mita yenu. Kama kina kinundu, hicho ndicho cha katikati: 2 iko juu yake, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Kama hakina, bandika kipande kidogo cha plasta juu yake. Sisi tulibandika plasta ya kidonda, ikatosha.

Mita ikikataa, usinunue tokeni nyingine. Kagua mambo mawili kwa mpangilio huu. Kwanza, je, namba ya mita iliyotajwa mwanzoni mwa meseji ya Kenya Power ni ya nyumba yako? Kama siyo, pesa imekwenda kwenye mita nyingine, na wa kuwaambia ni Kenya Power kwa 97771. Kama ni yako, basi kosa liko kwenye kuingiza, rudia pole pole fungu kwa fungu. Bibi angelijua hili ule usiku, angalau angejua kwa nini amelala gizani.

Ikikatika katikati

Swali tunaloulizwa sana ni hili: simu imekatika nikiwa najaza, pesa imekwenda? Jibu linategemea umefika wapi. Kama hukuwa umeingiza PIN na kukubali, pesa haijatoka, anza upya bila wasiwasi. Kama ulishaingiza PIN na kukubali, usirudie. Subiri meseji, au angalia salio kwanza. Watu hulipa mara mbili kwa sababu ya haraka ya hapo.

Tatizo jingine utalikuta kwenye programu na tovuti: unapita kwenye kitufe na simu inasema tu "button" au "unlabelled", bila jina. Maana yake aliyeitengeneza fomu hakukipa kitufe hicho jina linalosomeka kwa sauti. Simu yako ni nzima na wewe hujakosea. Usibahatishe kitufe kisicho na jina kwenye ukurasa wa pesa, tumia menyu ya laini badala yake. Na ukikikuta kitufe cha namna hiyo kwenye programu yetu, tuambie ni ukurasa gani, maana hilo ni kosa letu na sisi ndio wa kulirekebisha.

Kwa wenye simu ya kabambe isiyo na TalkBack, kinachobaki ni mikono: kinundu cha kitufe cha 5, na kukariri mpangilio wa menyu. Njia hii hufanya kazi mpaka siku menyu itakapobadilishwa, kwa hiyo mara moja moja mtu unayemwamini akusomee menyu ili ujue kama mpangilio ni ule ule. Kusomewa menyu hakuhitaji PIN yako.

Zoezi lisilogharimu shilingi

Usijifunze siku stima imekatika. Keti kitako siku ya utulivu, jaza fomu yote mpaka swali la PIN, ikague tarakimu kwa tarakimu, kisha ghairi. Hakuna pesa inayotoka. Rudia mpaka mikono izoee. Bibi alifanya hivyo mara nne kabla ya kulipa kweli, na mara ya nne hakutuuliza kitu.

Malipo yenyewe yalimchukua dakika kama kumi na mbili, na kuingiza tokeni dakika sita nyingine. Mjukuu wake angemaliza kwa dakika mbili. Mita ilipokubali, feni ya sebuleni ikaanza kuzunguka, naye akatuambia tumsaidie jambo moja la mwisho: kubadilisha PIN. Tulimwonyesha menyu ilipo, akaweka spika sikioni, sisi tukatoka barazani tukamsubiri huko.